Namna ya Kuukata Wimbo wa Mtu Bila Kushikwa

Umepata kazi, hongera. Kampuni ya utalii yenye chumba kimoja na Land Cruiser mbili, jirani na Mnara wa Saa hapa Arusha, imepandisha wageni Mlima Meru na inataka video ya kuringishia. Mwenye kampuni, ambaye wewe unamwita bosi na yeye anajiita mkurugenzi, ametoa masharti mawili tu. Video iwe ya dakika moja na nusu kamili, kwa sababu mtu fulani kamwambia Wazungu hawana subira. Na wimbo uwe ule wa mpwa wake, maana mpwa anaimba, na wimbo wake haujapata pa kuchezwa.

Wimbo wa mpwa una dakika 3 na sekunde 40. Kwa hiyo una sekunde 130 za kuzika, na kaburi lisionekane. Chalii yangu, tulia. Kazi hii inafanyika kabla chai haijapoa, ukikubali kuhesabu kidogo na kudanganya kwa adabu.

Kwanza, ijue njia ya kushindwa

Njia ya kawaida unaifahamu, kwa sababu umeiona kwenye kila video kuanzia Sakina hadi Usa River. Buruta wimbo, uweke chini ya picha, nenda pale picha zinapoishia, kata, kisha fifisha sauti kwa sekunde tatu. Inachukua nusu dakika, na jioni unakuwa huru.

Tatizo ni kwamba kwenye wimbo wa mpwa, dakika moja na nusu inaangukia mwanzoni mwa ubeti wa pili. Kiitikio cha kwanza kimeisha, mpwa amevuta pumzi, ameanza kutueleza jambo jipya, na hapohapo wewe unamshusha sauti. Nembo ya kampuni inatokea, namba ya simu inatokea, na nyuma yake kijana anaendelea kusimulia huku akififia. Mtazamaji anadhani bando limeisha.

Kufifisha si dhambi. Nyimbo nyingi zimeishia hivyo studio kwa makusudi, lakini zikififia juu ya kiitikio kinachojirudia, ambapo msikilizaji ameshajua hakuna jipya linalokuja. Ukififisha katikati ya habari, unatangaza kwa sauti kwamba umeshindwa.

Wenye hela hawapati taabu hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Howard Hawks alikuja na John Wayne kupiga filamu ya *Hatari!*, baadhi ya sehemu zake zikiwa hapo Momella, chini ya Meru. Kulikuwa na picha za dada mmoja, Elsa Martinelli, akiongozana na watoto wa tembo. Henry Mancini akaziangalia picha hizo na kuzitungia muziki wake, “Baby Elephant Walk”, na filamu ikatoka mwaka 1962. Huo ndio utaratibu wa kibwana: picha kwanza, muziki unashonwa kwa vipimo vyake. Wewe una mpwa, na mpwa ameshamaliza kurekodi.

Pili, hesabu kama mhasibu mwenye nia mbaya

Cheza wimbo, tazama saa, hesabu midundo ya mguu wako kwa sekunde 15, halafu zidisha kwa nne. Umepata 24? Basi wimbo unakwenda midundo 96 kwa dakika. Watayarishaji wetu wanaotengeneza biti kwenye kompyuta hupenda namba nzima, kwa hiyo programu ikikupa 95 na kitu, jaribu 96 kwanza.

Mdundo mmoja hapo ni sekunde 0.625. Midundo minne ni kipimo kimoja, yaani sekunde 2.5. Kuanzia sasa usifikiri kwa sekunde tena. Sekunde ni za bosi, wewe fikiri kwa vipimo. Wimbo wa mpwa una vipimo 88. Bosi anataka 36.

Sasa chukua karatasi uandike wimbo ulivyopangwa. Utangulizi ni vipimo 8, gitaa na ngoma nyepesi. Ubeti wa kwanza 16. Kiitikio 8. Ubeti wa pili 16. Kiitikio tena 8. Kisha daraja, vipimo 8, pale ngoma nzito zinaponyamaza na gitaa la mwanzo linarudi. Halafu kiitikio mara mbili mfululizo, 16. Mwisho 8. Jumlisha uone kama zinafika 88. Zisipofika, umesinzia mahali.

Tahadhari moja hapa. Hesabu hii inatii nyimbo zilizorekodiwa kwa mdundo wa mashine. Kwaya iliyosimama mbele ya maikrofoni mbili ikaimba kwa imani tu, au bendi ya dansi ya zamani, haina mdundo mmoja. Inaanza polepole, inachangamka kwenye kiitikio, na mwisho inakimbia. Hapo karatasi yako haina kazi. Kata kwa sikio, na uunganishe sehemu zilizo karibu, ambazo mwendo haujabadilika sana.

Tatu, anzia mwishoni

Hii ndiyo siri yenyewe, na wanaoijua hawaisemi kwa sababu inaonekana rahisi mno. Usiulize wimbo uishie wapi. Wimbo una mwisho wake tayari. Mpwa na mtayarishaji wake walihangaika nao: ngoma inapiga pigo la mwisho, gitaa linalia, mwangwi unapotea wenyewe. Chukua mwisho huo mzima, uubandike kwenye mwisho wa video, mkia kwa mkia. Kisha rudi nyuma.

Kwenye wimbo huu pigo la mwisho liko mwanzo wa kipimo cha 87, na vipimo viwili vilivyobaki ni mlio wake ukiisha. Hizo ni sekunde tano. Kwa hiyo kwenye video yako pigo litaanguka sekunde ya 85, na nembo ya kampuni itokee hapohapo, si kabla wala si baada. Bosi ataiona nembo yake ikitua na ngoma, moyo utamruka, na hutaulizwa swali lolote kuhusu sehemu nyingine zote.

Mwanzo nao tayari unao, ni utangulizi. Mtazamaji anakumbuka kwamba wimbo ulianza vizuri na ukaisha vizuri. Uhalifu wote unafanyika katikati, na kadiri unavyofanywa mara chache ndivyo bora. Kila kiungo ni nafasi ya kukamatwa. Tafuta namna ya kumaliza kwa kiungo kimoja.

Hiki hapa. Chukua utangulizi wote, vipimo 1 hadi 8. Ruka mpaka kipimo cha 61, nusu ya pili ya daraja, kisha uache wimbo uende wenyewe hadi mwisho. Nane za mbele na 28 za nyuma ni 36. Sekunde 90, bila kubaki wala kupungua. Umetoa kila kitu kuanzia sekunde ya 20 hadi ya 150.

Ndiyo, umetupa beti zote mbili. Mpwa alizitunga kwa jasho, na moja inamtaja bibi yake kule Ngaramtoni. Usilie. Video ni ya twiga.

Lakini kwa nini 61, kwa nini si 57 ambapo daraja linaanza, au 63? Sababu ni mbili. Wimbo huu gitaa lake linazunguka kila vipimo vinne: linaondoka nyumbani, linatembea, linarudi. Kipimo cha 8 kinapoisha, sikio linangoja mzunguko uanze upya, na kipimo cha 61 ni mwanzo wa mzunguko. Ukiingia 63 umeingia katikati ya safari, na hata bibi wa Ngaramtoni atakunja uso bila kujua kwa nini. Sababu ya pili ni uzito wa sauti. Kwenye 61 ngoma zinarudi pole pole, gitaa ni lile la utangulizi, kwa hiyo kinachotoka na kinachoingia vinafanana. Kuruka kutoka utangulizi mwepesi hadi kwenye kiitikio chenye kila kitu pia kunawezekana, ila hapo unapanda ngazi tatu kwa hatua moja mbele za watu.

Kuna mtego mmoja wa nyimbo za kutaka kupendwa: kiitikio cha mwisho hupandishwa juu kidogo, ufunguo unabadilika, ili watu wasimame. Ukikuta hivyo, usiunganishe kiitikio cha kwanza na cha mwisho. Acha ngazi yenyewe ibaki ndani ya kipande chako. Wimbo wa mpwa haukupanda, sauti yake haifiki huko.

Nne, sogeza kisu, usisogeze umbali

Sasa umekata sekunde ya 20 kamili, umeunganisha na ya 150, umesikiliza, na kuna kitu kimebaki hapo katikati. Kasilabi. Kijisauti cha mtu aliyetaka kusema akazibwa mdomo.

Huyo ni mpwa. Waimbaji hawasubiri mdundo wa kwanza, wanaanza kidogo kabla yake. Maneno ya ubeti wa kwanza yameanzia kwenye mdundo wa nne wa kipimo cha 8, yaani ndani ya kipande ulichokibakiza. Wanafunzi wengi hapa huanza kufifisha, kupunguza, kuomba. Wewe sogeza kisu nyuma mdundo mmoja. Toka kwenye 19.375 badala ya 20, na uingie kwenye 149.375 badala ya 150. Umbali kati ya alama mbili ni sekunde 130 zilezile, kwa hiyo urefu wa wimbo haubadiliki na mguu haujikwai. Kilichobadilika ni mahali pa jeraha tu.

Na angalia zawadi uliyopata. Kwenye mdundo wa nne wa kipimo cha 60 ngoma zinabingirika kukaribisha nusu ya pili ya daraja. Ulikuwa unataka kuondoa silabi, umepata mlango wa kuingilia. Unaweza kusogeza hivyo mdundo mmoja, miwili, hata kipimo kizima, mbele au nyuma, ukitafuta mahali ambapo pande zote mbili hakuna mtu anayeimba. Karibu kila wimbo unapo.

Baada ya hapo ni usafi. Sauti ni wimbi linalopanda na kushuka kupitia sifuri. Ukilikata likiwa juu na kuliunganisha na lingine likiwa chini, spika inaruka ghafla na unasikia “tik”. Kwenye Audacity chagua kipande, bonyeza herufi Z, na kingo zitajisogeza zenyewe mpaka kwenye sifuri iliyo karibu. Kisha kata milisekunde kama kumi kabla ya pigo la ngoma, si juu yake, na upishanishe vipande viwili kwa milisekunde 10 hadi 20, kimoja kikishuka huku kingine kikipanda. Ngoma inayofuata itafunika kovu, kwa sababu sikio likipigwa na sauti kubwa husahau ndogo iliyotangulia.

Usipishanishe kwa nusu sekunde ukidhani unazidi ulaini. Utasikia ngoma mbili zikipiga pamoja, “tu-tum”, na hapo ndipo kila mtu anapogeuka.

Fanya upasuaji huu kwenye programu ya sauti, halafu peleka wimbo uliokwisha kupona kwenye programu ya video. Programu nyingi za video hukata kwa fremu, na kwa fremu 25 kwa sekunde kila moja ni milisekunde 40. Kisu chako kinaweza kusukumwa kando milisekunde 20 bila wewe kuambiwa. Hapa umebahatika, sekunde 130 ni fremu 3,250 kamili. Wimbo wa midundo 104, ambao kipimo chake ni sekunde 2.3 na mkia mrefu wa desimali, hautakuhurumia.

Tano, mpe mtazamaji kitu kingine cha kushangaa

Kiungo kiko sekunde ya 19 na kidogo. Je, picha inaonyesha nini hapo? Kama ni mawingu yanayopita taratibu juu ya mlima, umejitakia. Weka badiliko la picha, tena lenye sauti yake. Wageni wamefika geti la Momella, mlango wa Land Cruiser unafungwa kwa kishindo. Kishindo hicho kiweke juu ya kiungo. Baada yake askari wa hifadhi anaonekana na bunduki yake, kwa sababu ya nyati, na hakuna binadamu anayesikiliza gitaa akiona bunduki.

Kisha picha zipange kwa muziki, maana muziki umeshapona na hutaki kuugusa tena. Utangulizi: twiga, mbega juu ya miti. Daraja: msitu wenye ukungu, kibanda cha Miriakamba. Sekunde ya 30 kiitikio kinaanza, wako Saddle na Meru Ndogo iko nyuma yao. Giza, taa za vichwani zikipanda. Sekunde ya 50 kiitikio kinarudia, na hapo jua lichomoze nyuma ya Kilimanjaro. Sekunde 70 hadi 85 ni vicheko, mikono juu, picha ya kundi, na bosi, ambaye hakupanda, akiwapokea getini akiwa amevaa kofia mpya.

Sita, bosi anapobadili nia

Atabadili. Atapiga simu usiku aseme video ni nzuri sana, “ila mdogo wangu, niongezee sekunde nne tu, pale ninapowapa wageni mkono nimekaa kidogo mno”. Dakika 1 na sekunde 34.

Sekunde nne si vipimo vizima. Kipimo kimoja ni 2.5, viwili ni tano. Usibishane. Tazama sehemu ya mwisho: kabla ya pigo kuna vipimo sita, na ni kipande kimoja cha vipimo viwili kinachojirudia mara tatu. Kirudishe mara ya nne. Hakuna atakayehesabu. Sasa una sekunde 95, imezidi moja. Ukandamize wimbo mzima kwa mwendo, kutoka midundo 96 hadi 97 na punje. Hiyo ni kama asilimia moja, na hata mpwa mwenyewe hataigundua, atahisi tu kwamba siku hiyo aliimba kwa uchangamfu.

Chagua kubadili mwendo bila kubadili sauti. Ukikosea ukachagua kuharakisha kama zamani tulivyoharakisha kaseti, sauti nayo inapanda; kwenye asilimia sita mpwa anakuwa amepanda nusu toni. Na hata ile njia safi ina kikomo. Chini ya asilimia tatu unapita salama. Ukifika kumi, matoazi yanaanza kulia kama yako ndani ya maji na ngoma zinapoteza ncha. Kukandamiza ni kwa kusawazisha sekunde moja mbili zilizobaki baada ya kukata vizuri. Anayekandamiza dakika tatu na sekunde 40 ziingie moja na nusu atoe pia bei ya wimbo wa kuku.

Saba, kurefusha, yaani harusi

Kazi ikipendeza, bosi atakupa harusi ya binti yake, ukumbini Njiro, na wimbo ni uleule. Maharusi wanaingia ukumbini, wasimamizi wanapiga hatua mbili mbele moja nyuma, shangazi anasimamisha msafara ili arekodi na simu yake, na kuingia kote kunachukua dakika tano. Wimbo bado ni wa 3 na 40. Sasa unadaiwa sekunde 80, yaani vipimo 32.

Mvivu anarudia kiitikio mara nne. Tatizo la kurudia sauti ya mtu ni kwamba mtu huacha alama. Mahali fulani kwenye kiitikio mpwa amecheka kidogo, au ametupia “eeeh” ya pembeni. Mara ya kwanza ni uhai. Mara ya pili, palepale, kicheko kilekile, ukumbi haujali. Mara ya tatu shangazi anashusha simu.

Omba biti, wimbo uleule bila maneno. Mpwa anayo, mtayarishaji anayo. Cheza wimbo wenye sauti kuanzia mwanzo hadi kipimo cha 56, mwisho wa kiitikio cha pili. Hapo ingiza biti, kuanzia kipimo chake cha 25 hadi cha 56: kiitikio, ubeti, kiitikio, vyote bila maneno, vipimo 32. Kisha rudi kwenye wimbo wenye sauti kuanzia 57 hadi mwisho. Jumla ni vipimo 120, dakika tano kamili. Biti imetoka kwenye kiitikio na inaingia kwenye kiitikio, hakuna neno lililorudiwa, na watu wanadhani mpwa ametoa toleo maalumu kwa ajili ya bibi harusi. Waache wadhani.

Omba mafaili ya WAV, si MP3 uliyotumiwa kwa WhatsApp. MP3 huongezewa kimya kidogo mwanzoni inapotengenezwa, na kimya hicho hakilingani kila mara. Ukiweka wimbo na biti sambamba bila kuangalia, kimoja kitachelewa kwa sehemu ya sekunde, na viungo vyako vyote vitachechemea pamoja. Linganisha pigo la kwanza la ngoma la huyu na la yule, halafu ndipo uanze kuhesabu.

Viungo viwili hivi vinahitaji kifuniko, na Mungu amekupa kifuniko bora duniani: vigelegele. Umevirekodi ukumbini, viko kila mahali, vinaanza ghafla, vimejaa sauti kali, na hakuna anayevihoji. Kimoja sekunde ya 140, kingine sekunde ya 220. Usivitumie kila baada ya kipimo, maana navyo vina alama zake. Mama mmoja mwenye sauti nyembamba akisikika mara sita, tutajua ni yeye.

Nane, jipime kwa hila

Usimwulize mtu “unasikia nilipokata?” Ukiuliza hivyo atasikia, hata pasipo na kitu. Mpe video aitazame, halafu muulize ni twiga wangapi wameonekana. Wakati anatazama, wewe tazama mguu wake. Mguu uliokuwa unagonga ukisita kwenye sekunde ya 19, kiungo kimekataa. Rudi ukasogeze kisu.

Kisha sikiliza mwenyewe, macho umefumba, mara moja kwenye hedifoni na mara moja kwenye spika ya simu. Hedifoni itakuonyesha “tik” na matoazi yaliyokatwa mkia. Simu itakuonyesha kinyume: besi haipo, kwa hiyo ngoma uliyotegemea ikufunikie kovu nayo haipo. Na bosi ataitazama kwenye simu.

Jambo la mwisho kabla hujatuma. Mpwa amekubali kwa mdomo, mwombe aandike hata mistari miwili. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inayosimamiwa na COSOTA inaulinda wimbo hata ukiwa na vipimo 36, na YouTube wana mtambo unaotambua wimbo hata ukiwa umekatwa vizuri kuliko hivi. Mtambo hausikilizi kiungo, unasikiliza wimbo. Kwa wimbo wa mtu mkubwa ambaye si mpwa wa mtu yeyote unayemjua, lipia leseni au tafuta mwingine.

Mpwa mwenyewe atakuja ofisini aione. Ataitazama hadi mwisho, ataona jina lake chini ya nembo, kisha atauliza beti zake ziko wapi. Mwambie ziko kwenye toleo refu. Hujadanganya.

Na usifute mradi kwenye laptopu. Wiki ijayo bosi atataka ya sekunde 30 kwa ajili ya hadhi ya WhatsApp. Hizo ni vipimo 12, na vipimo 12 vya mwisho wa wimbo, 77 hadi 88, vina kipande cha kiitikio mbele, pigo la ngoma sekunde ya 25 nyuma, na kiungo hakuna hata kimoja. Itakuchukua dakika mbili. Mtoze bei ileile.